Egzetat: kopi ya pointi 10 inafanana na nini?

Mtihani wa serikali unaofunga masomo ya sekondari, ule ambao kila familia ya Lubumbashi huuita Egzetat, una sehemu mbili zisizosahihishwa kwa njia moja. Katika siku za kikao cha kawaida, mwanafunzi huchagua jibu moja kati ya yale yaliyoandikwa kwenye karatasi, na mashine husoma alichochagua. Mashine haina uchovu, haina mwandiko inaoupenda, wala haijui kama mtoto anatoka Katuba au Kasenga. Lakini kabla ya siku hizo kuna disertasio, ile insha ndefu ya Kifaransa. Hapo hakuna mashine. Kuna mtu, kalamu nyekundu na fungu la kopi mezani.

Wazazi wengi, matokeo yakitoka, huuliza kama kulikuwa na wizi. Swali hilo lina sababu zake. Kuna swali lingine ambalo haliulizwi sana, nalo linahusu hata chumba ambacho kila msahihishaji ni mwaminifu kabisa: watu ishirini wakiketi kusahihisha insha ya somo moja, wanajuaje wote kwamba pointi 10 kwa 20 ni kitu kimoja?

Jibu la haraka ni baremu, yaani jedwali la kugawa pointi. Pointi 5 kwa kuelewa swali, 6 kwa mawazo, 4 kwa mpangilio, 5 kwa lugha. Inaonekana safi. Lakini baremu inasema tu “mawazo yenye nguvu” au “mpangilio mzuri”, na kila mwalimu huyasoma maneno hayo kwa macho ya darasa lake mwenyewe. Anayefundisha shule kubwa ya katikati ya mji, ambako watoto huzungumza Kifaransa hata nyumbani, ana picha moja ya lugha nzuri. Anayefundisha kandokando ya ziwa Mweru, ambako Kifaransa ni cha darasani tu, ana picha nyingine. Wote wawili wanafuata baremu ile ile kwa dhamiri safi, na mtoto mmoja anaweza kupata 12 kwa huyu na 8 kwa yule.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1912, Wamarekani wawili, Starch na Elliott, walituma kopi mbili za mtihani wa lugha kwa shule nyingi, na walimu 142 wakazisahihisha. Kopi moja ilipata kuanzia 50 mpaka 97 kwa 100. Ni kopi ile ile, neno kwa neno. Wengine wakasema labda ni tabia ya somo la lugha tu. Mwaka uliofuata wawili hao wakarudia kwa jiometria, na tofauti ikawa kubwa zaidi. Huko Ufaransa, katika miaka ya 1930, Laugier na Weinberg walichukua kopi za bakaloria na kukokotoa ni wasahihishaji wangapi wangehitajika ili wastani wao ukaribie pointi ya haki ya kopi. Kwa hesabu walikuta 13. Kwa insha ya Kifaransa, 78. Kwa filozofia, 127. Hakuna wizara duniani, ya Kinshasa au ya Paris, inayoweza kulipa watu 78 kusoma kopi moja.

Basi njia inayobaki ni kuwafanya wasahihishaji wachache waone kwa jicho moja. Chombo cha kazi hiyo ni kopi za kielelezo: kopi halisi za wanafunzi, zilizochaguliwa kabla kazi haijaanza, zikionyesha jibu la juu, la katikati na la chini, kila moja ikiwa na pointi yake na maelezo mafupi ya sababu. Wazo si jipya. Tayari mwaka 1864, mchungaji mmoja wa Uingereza, George Fisher, aliyeongoza shule ya Greenwich, alikuwa na kitabu chenye mifano ya kazi za wanafunzi iliyopangwa kwa daraja, na kazi mpya ililinganishwa nayo. Mtu hakuambiwa “mwandiko mzuri”, alionyeshwa.

Ugumu wote uko katika kuchagua. Na hapo ndipo kazi huharibika mara nyingi, kwa sababu watu hufikiri kuchagua ni jambo la nusu saa.

Chukua mfano. Somo la disertasio liwe hili: “Kuna wanaosema kijana wa Katanga hana haja ya kusoma sana, kwa sababu kazi iko kwenye madini. Unasema nini?” Tuseme watu sita wanapewa kazi ya kuandaa vielelezo: wainspekta wawili na walimu wanne wa Kifaransa. Kabla ya kalamu nyekundu yoyote, wanavuta kopi 60. Hawachukui 60 za juu ya fungu, maana fungu la juu kwa kawaida limetoka katika kituo kimoja. Wanachukua chache katika kila bahasha: za Lubumbashi mjini, za Ruashi na Annexe, za Likasi, za Kipushi, za Kasenga, za Pweto, za shule za kanisa, za serikali na za watu binafsi, za wanaosoma ufundi na za wanaosoma pedagojia. Kielelezo kikitoka shule moja tu, kitafundisha wasahihishaji mtindo wa mwalimu mmoja.

Kila mmoja wa sita anasoma peke yake, bila kuandika alama yoyote kwenye kopi. Anaandika pointi yake kwenye karatasi yake mwenyewe. Hilo linaonekana dogo, lakini pointi ikishaandikwa kwenye kopi, anayefuata hasomi tena kopi, anasoma pointi. Na mwenye cheo asiseme kwanza. Inspekta mkuu akitamka “hii ni 14” kabla ya wengine, walimu wanne watagundua ghafla kwamba wao pia walikuwa wanafikiria 14.

Baada ya hapo wanafungua karatasi zao na kulinganisha. Kopi ambazo sita wote wamekaribiana, tofauti ya pointi 1 au 2, zinawekwa upande mmoja: hizo ndizo zinazoweza kuwa vielelezo. Kopi ambazo mmoja kaweka 7 na mwingine 14 zinawekwa upande wa pili. Hazitupwi. Mara nyingi zina mafundisho kuliko zile za kwanza.

Kishawishi cha kwanza kiko kwenye kopi ya juu. Watu hutaka kuchagua kopi isiyo na doa, au mbaya zaidi, mwalimu mmoja anajitolea kuandika “jibu bora” nyumbani kwake. Kielelezo cha namna hiyo huumiza. Msahihishaji akishaona insha ya mtu mzima mwenye lisansi, hakuna mtoto wa miaka 18 atakayefika 16 mbele yake. Kopi ya juu inapaswa kuwa ya mtoto, iliyoandikwa siku hiyo, katika chumba kile chenye joto na muda ule ule.

Tuseme katika mfano huu kopi ya juu ni ya kijana anayechelewa kidogo kuingia katika somo, na anakosea tahajia mara saba. Lakini anatenganisha mambo mawili ambayo wenzake wameyachanganya: diploma na maarifa. Anaeleza habari za mtu anayeendesha mashine kubwa mgodini, ambaye hakuweza kusoma tangazo la usalama lililobandikwa mlangoni. Kisha anakubali kwamba wapo wenye diploma wasio na kazi, analijibu pingamizi hilo, na mwisho wake hausemi tena yale yale ya mwanzo. Sita wote wamempa kati ya 15 na 17. Inawekwa 16, na maelezo yanasema wazi: makosa saba ya tahajia hayaishushi chini ya 15, kwa sababu hayazuii kuelewa.

Sasa iko kopi nyingine, na kila mwalimu wa mwaka wa mwisho ataitambua. Inaanza kwa sentensi ndefu nzuri sana, yenye jina la mwanafilozofia wa Ugiriki. Inaendelea kwa “tangu zamani za kale, binadamu amekuwa akijiuliza”. Mwandiko ni wa kupendeza. Madini yanatajwa mara mbili tu. Ukiifunika nusu ya kwanza huwezi kujua ilikuwa inajibu somo gani. Utangulizi huo ulikaririwa nyumbani, tayari kwa somo lolote. Kati ya wale sita, wawili wameipa 14, mmoja 13, watatu wameipa 8. Kopi hii haiwezi kuwa kielelezo cha juu wala cha chini, lakini lazima iingie katika mkusanyiko, ikiwa na pointi iliyokubaliwa baada ya mjadala na sababu zake. Kama haimo, kila msahihishaji ataamua peke yake kuhusu utangulizi wa kukariri, na katika mji ambako vijitabu vya utangulizi tayari huuzwa karibu na shule, uamuzi huo utagusa kopi nyingi.

Kopi ya chini nayo ina mtego wake. Karatasi tupu, au yenye mistari minne, haifundishi chochote. Kila mtu anajua kwamba haipati kitu. Kielelezo kizuri cha chini ni kopi iliyojaa. Mtoto ameandika kurasa mbili juu ya madini: shaba, kobalti, wachimbaji wadogo, vumbi, bei. Anajua mambo. Lakini swali lilikuwa juu ya kusoma, na halijibu popote. Wasahihishaji wenye huruma humpa 9 kwa sababu ya jasho lake, wakali humpa 2. Sita wamekubaliana 5, na maelezo yanasema pointi hizo tano zimetoka wapi: lugha inaeleweka, kuna mifano, lakini hakuna msimamo na hakuna jibu.

Inabaki katikati, na hapa ndipo inafaa kutumia muda mrefu zaidi, kwa sababu kopi nyingi zitaanguka hapo. Kosa la kawaida ni kuchagua kopi moja ya katikati na kusema imetosha. Katikati ina milango mingi. Kuna mtoto mwenye mawazo mazuri na Kifaransa kinachochechemea: anafikiri kwa Kiswahili, vitenzi vinagombana na watendaji wake, lakini hoja tatu zinafuatana na mfano wa kaka yake aliyejifunza usudaji unafika mahali pake. Kuna mwingine mwenye Kifaransa laini kisicho na kosa, ambaye kwa kurasa mbili anasema kwamba elimu ni muhimu. Hasemi kwa nini, hasemi kwa nani. Kwa baremu, kila mmoja anaweza kufika 11, kwa njia tofauti. Ukionyesha wa pili peke yake, wasahihishaji wataelewa kwamba 11 ni Kifaransa laini, na yule wa kwanza atapewa 7. Ukionyesha wote wawili kando kwa kando, wenye pointi moja, mabishano yatakuwa makali chumbani. Ndiyo kazi yenyewe. Ni heri watu wazima wabishane asubuhi ya kwanza kuliko tofauti hiyo ijifiche ndani ya pointi za watoto.

Halafu kuna mpaka. Katika Egzetat kila mtu anajua uzito wa 50 kwa 100, na msahihishaji wa disertasio, apende asipende, analisikia kichwani neno nusu kila anapokaribia 10. Wengine huogopa mpaka huo na kuruka: kopi zao zina 8 nyingi na 11 nyingi, karibu hakuna 9 wala 10. Kwa hiyo mkusanyiko mzuri unakuwa na kopi ya 9 na kopi ya 10 zilizowekwa pamoja, na sentensi moja inayosema ni nini hasa kilichoipandisha ya pili. Katika mfano huu: ya 9 inatoa sababu mbili na kuziacha hewani, ya 10 ina Kifaransa kile kile na sababu zile zile mbili, lakini moja imeelezwa mpaka mwisho kwa mfano. Sentensi hiyo moja ina faida kuliko ukurasa mzima wa maagizo.

Mkusanyiko ukishakuwa tayari, kopi nane au kumi kwa somo moja, matumizi yake nayo yana utaratibu. Msahihishaji kwanza haonyeshwi pointi. Anapewa kopi tatu au nne, anazisahihisha, kisha analinganisha na pointi zilizokubaliwa na kusoma sababu. Aliye mbali kwa zaidi ya pointi 2 anapewa nyingine. Hakuna aibu ndani yake. Hata mwalimu wa miaka 30 huweza kuanza juu au chini. Akiendelea kuwa mbali baada ya duru mbili, apewe kazi nyingine chumbani, na kopi zake zisomwe na mwenzake.

Lakini asubuhi ya kwanza haitoshi. Kufika siku ya tatu, umeme wa SNEL umekatika mara mbili, macho yamechoka, na watu huanza kuteleza bila kujijua. Wengine huwa wakali, wengine huachilia. Namna ya kugundua ni kuingiza katika fungu la kila mmoja kopi ambayo pointi yake tayari inajulikana, bila kumwambia. Hapa kuna jambo dogo la kazi ambalo husahauliwa: kopi hiyo isiwe fotokopi katikati ya karatasi za wino, kwa sababu kila mtu ataitambua na kuitendea kwa heshima ya pekee. Lazima iwe karatasi halisi inayozunguka kutoka meza hadi meza, bila alama juu yake. Na isipigwe chapa. Insha iliyochapwa husomwa kwa jicho tofauti na ile ya mkono.

Wataalamu wa Ufaransa waliofuata nyayo za Henri Piéron, baba wa elimu ya mitihani inayoitwa dosimolojia, walionyesha pia hatari ambayo kopi hizi zinaleta zenyewe. Katika miaka ya 1960 na 1970, Bonniol, Noizet na Caverni, waliofanya kazi Aix-en-Provence, waliona kwamba kopi nzuri sana huziponda zile zinazoifuata, na kopi mbovu huziinua. Msahihishaji akitoka tu kusoma kielelezo cha 16, kopi tatu zinazofuata zinaweza kulipa deni lisilo lao. Kwa sababu hiyo vielelezo vya kuonyesha visisomwe kwa kupangwa kutoka juu kwenda chini, bali vichanganywe, na cha mwisho kabla ya kurudi kwenye kazi kiwe cha katikati.

Mipaka nayo isemwe. Mwanafunzi akiruhusiwa kuchagua kati ya masomo kadhaa, kila somo linahitaji mkusanyiko wake. Kopi ya 11 juu ya madini haimwambii mtu chochote kuhusu 11 juu ya ndoa za utotoni. Na vielelezo huwaleta watu kwenye makubaliano, ambayo si lazima yawe haki. Kama wale sita wote wanapenda utangulizi wenye Wagiriki, kielelezo kitaeneza upendo huo katika chumba kizima kwa siku moja. Ndiyo maana muundo wa hao sita una uzito: wakitoka wote katika shule tatu kubwa za katikati ya mji, Kasenga na Pweto zimeshapoteza pointi kabla kopi zao hazijafunguliwa.

Gharama si kisingizio kikubwa. Watu sita kwa siku mbili, rimu chache za karatasi kwa fotokopi za asubuhi ya kwanza, na jenereta kama SNEL haipo. Wala si lazima kusubiri Kinshasa. Prefe mwenye walimu watatu wa Kifaransa anaweza kuijaribu katika mtihani wa shule yake, kwa kopi 20 badala ya 60, na idara ya Kifaransa ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi au ya ISP ina watu wanaojua kuongoza mjadala wa namna hiyo.

Jambo moja, hata hivyo, liko mikononi mwa Inspeksheni Kuu peke yake. Matokeo yakishatangazwa, kopi hizo nane au kumi hazina tena siri. Majina na namba zikifutwa, zinaweza kutolewa hadharani pamoja na pointi na sababu zake, na kupelekwa katika kila shule yenye mwaka wa mwisho, ikiwa ni pamoja na zile ambazo barabara yake haipitiki wakati wa mvua. Mwalimu wa Kasenga ataweza basi kuibandika ukutani kopi ya 9 karibu na kopi ya 10, mwezi wa Septemba, na kuwauliza wanafunzi wake ni sentensi gani iliyoleta tofauti.